Kukopesha sola kijijini: niliyoyaona Masasi

"Wakuu habari, nipo Nachingwea nina duka dogo la vifaa vya umeme. Watu wengi wanaulizia sola ndogo za taa 3 na kuchajia simu ila hela ya mkupuo hawana. Nataka niwape walipe kidogo kidogo lakini naogopa kupigwa. Namjuaje mtu atakayelipa, na masharti namwelezaje aelewe?"

Mkuu hii biashara nimeifanya Masasi huko vijijini, mwanzo kwa hela yangu mwenyewe na baadae kama wakala wa kampuni moja zile sola za kufunga na kufungua kwa tokeni. Ntakwambia ya awamu ya kwanza maana ndo yanafanana na ya kwako.

Nilitoa sola 30, hazina kufuli wala nini, daftari tu na namba ya simu. Mpaka mwaka unaisha watu 11 walikua wameacha kulipa na mimi nishajua nimepigwa. Nikachukua pikipiki nikawafuata mmoja mmoja, na ile safari ndo ilinifundisha kazi. Wanne sola ilikua haiwaki vizuri, wakaona kwanini walipie kitu kibovu. Watatu walikua wanasubiri korosho, hela hawana kabisa mpaka msimu. Watatu wamehama, walikua wamepanga au wamekuja kulima tu wakaondoka. Tapeli wa kweli alikua mmoja, na huyo nakiri alivaa vizuri kuliko wote na alinisalimia vizuri kuliko wote.

Kwahiyo ukiniuliza namjuaje atakayelipa, mimi siangalii sura wala nyumba nzuri, naangalia mambo mawili: hela inaingiaje kwake, na kesho ntamkuta wapi.

Ya kwanza usimuulize "utaweza kulipa elfu sita kwa wiki?" maana kila mtu atasema naweza, mtu anataka taa. Muulize jana hela ilitoka wapi. Wiki iliyopita je. Mwezi wa pili kijiji kizima kikiwa kimekauka hela ulikua unakula nini, nani alikupa. Mama anayekaanga vitumbua anashika hela kila siku, ndogo lakini kila siku, hawa kwangu ndo walipaji wazuri kuliko wote. Bodaboda anashika hela kila siku pia ila leo yuko Masasi kesho kahamia Mangaka na pikipiki yenyewe ya tajiri. Mwalimu watu wanadhani ndo salama kwasababu ana mshahara, sasa muulize kinachobaki baada ya makato, nimeshakutana na mwalimu mshahara wote umeshaliwa na mikopo mingine kabla haujafika. Na mkulima wa korosho siyo mlipaji mbaya, ni mlipaji wa msimu, ukimpangia wiki kwa wiki kama mama vitumbua wewe ndo umekosea.

Halafu muulize anachotumia sasahivi kwa mwanga. Betri za tochi, kuchajisha simu kwa jirani au senta. Piga nae hesabu pale pale. Mteja wangu mmoja ilikuja kama 2,500 kwa wiki. Hiyo ndo hela ambayo hataisikia, kwasababu tayari inatoka. Chochote juu ya hapo lazima ujue kinatoka wapi, kama hajui na wewe hujui basi hicho ndo kitakachokwama.

Ya pili, ntamkuta wapi. Siku zote nafunga mwenyewe, simpi mtu sola aondoke nayo dukani. Nikifika naangalia kama nyumba ni yake au amepanga, amekaa hapo miaka mingapi, jirani anamwitaje. Barua ya mtendaji wa kijiji nzuri kuwa nayo lakini mtendaji huwa anaandikia kila mtu, jirani ndo anajua. Na hakikisha mume na mke wote wapo siku unaelezea. Nishawahi kumuuzia baba mmoja mama hajui bei, baba akaenda zake kibarua Mtwara mjini, mama ananiambia mimi nilijua umeshalipwa yote baba.

Sasa hesabu, chukua mfano wa sola ya taa 3. Kwangu ilifika 150,000. Keshi nauza 190,000. Kwa mkopo 234,000, anatanguliza 42,000 inabaki 192,000. Mama vitumbua anatoa 6,000 kwa wiki, wiki 32 kamaliza. Faida yako kwa mtu aliyemaliza ni 84,000 kabla hujatoa mafuta ya pikipiki. Yule aliyepotea baada ya kutanguliza tu amekula 108,000 yako. Yaani mtu mmoja anayekimbia anafuta faida ya mteja mmoja mzuri na anaingia kwa wa pili. Ndo maana kianzio usikishushe kwasababu ya huruma. Mtu akishindwa kukusanya 42,000 mwambie aendelee kukuletea kidogo kidogo uiandike, ikitimia unamfungia, na hapo hapo umeshamuona analipaje bila wewe kupoteza kitu.

Mkulima wa korosho nampangia tofauti. Tuseme umemfungia mwisho wa mwezi wa 4. Anatoa 3,000 kwa wiki kwa wiki 24, hiyo 72,000, inamfikisha katikati ya mwezi wa 10. Inabaki 120,000 ya korosho. Hapa nilikosea mwaka wa kwanza, nikaandika "October" kwasababu minada inaanza October. Wewe wa huko unajua mambo ya stakabadhi ghalani, mtu anapeleka korosho AMCOS, zinaenda ghala kuu, zinasubiri mnada, mnunuzi alipe, ndo hela iingie akaunti ya mkulima benki, na haiingii yote siku moja. Nikawa nawasumbua watu October wakati hela yao bado iko njiani, tukagombana bure. Siku hizi naandika mara mbili, 60,000 malipo ya kwanza yakiingia na 60,000 malipo yanayofuata, mwisho kabisa 31 Desemba. Na zile wiki za katikati anaendelea na 3,000 yake ile ile kama anaweza, inapunguza deni. Ila usiwape wote mpango wa korosho, mvua ikikosea maua mwaka huo utalia na kijiji kizima kwa pamoja. Changanya, nusu wa kila wiki nusu wa msimu.

Kuelezea masharti. Karatasi andika lakini karatasi haielezi. Mimi nilikua nabeba punje za mahindi. Punje moja wiki moja. Namwagia mezani 32, namwambia hizi ndo wiki zako, kila ukilipa moja inaingia kwenye kopo, mezani pakiisha sola yako. Namba nazosema ni tano tu: leo unatoa ngapi, kila wiki ngapi, mpaka lini, na jumla yote ngapi. Na keshi ni ngapi, usifiche, mwambie wazi 190,000 keshi 234,000 mkopo, ile 44,000 ni mimi kukusubiri miezi nane. Mtu akijajua baadae kwa jirani anaona umemwibia na anaacha kulipa akiwa na hela mfukoni.

Ukija kuwa wakala wa zile za tokeni kuna mtego mwingine. Sote tulikua tunaelezea "ni kama LUKU", rahisi, kila mtu anaijua. Unalipa kwa M-Pesa, namba zinakuja kwenye simu, unaingiza, inawaka. Bibi mmoja alisafiri kwenda kwa binti yake wiki tatu, akazima taa zote vizuri, akarudi akakuta imefunga. Alinisubiri barazani.

"Mjukuu wangu, umeniambia kama LUKU. Sijawasha hata siku moja, umeme wangu umeenda wapi?"

Na alikua sahihi. LUKU yuniti usipotumia zinakaa, sola hii unanunua siku, siku inaisha uwashe usiwashe. Tena LUKU usiponunua hudaiwi hela ya umeme, hii usipolipa deni liko pale pale. Na LUKU hakuna siku utamaliza ikawa yako, hii ipo. Vitu vitatu vyote nilivimeza kwenye neno moja. Toka hapo sitaji LUKU, nasema "unalipia siku, kama chumba cha gesti, ulale usilale siku inahesabika, ila hiki chumba mwisho kinakua chako". Wanacheka lakini wanaelewa.

Nikimaliza kuelezea sisemi "umeelewa?" maana jibu ni ndiyo tu, hasa kwa mzee anaona aibu. Namwambia "haya bibi, mjukuu wako akikuuliza jioni sola inalipwaje utamwambiaje?" Anielezee yeye. Halafu "ukiugua wiki mbili usilipe itakuwaje?" Hapo ndo utasikia mtu anasema "utakuja kuing'oa" au "itakua bure". Unarekebisha pale pale kabla hujapanda bati.

Sasa wale wanne wa sola mbovu, maana hili ndo lilinigharimu zaidi na watu hawalitegemei. Hakuna hata moja iliyokua na betri mbovu. Mbili paneli zilifungwa upande ambao saa nane mchana kivuli cha mwembe kinafika. Moja panya kakata waya darini. Moja waya ulifungwa kwa kukunja tu kwenye maungio, ukashika kutu. Wote walisema kitu kile kile, "inazima saa mbili usiku". Kwahiyo mteja akianza kuchelewa swali langu la kwanza siyo hela, ni "taa inafika saa ngapi?" Akisema inazima mapema naenda na kitambaa, waya na plaizi, nafuta vumbi, naangalia kivuli mchana. Usipande bati asubuhi ukasema paneli iko sawa, kivuli cha saa nane hutakiona. Masika yenyewe chaji inapungua, hilo mwambie siku ya kufunga ili asije kudhani umemuuzia feki.

Kumjua anayeteleza mapema: wiki moja kakosa napiga simu, mbili naenda. Nikisubiri mwezi deni limeshakua zito anaanza kunikimbia njiani. Nikimkuta kakwama kweli tunashusha malipo yawe 3,000 na wiki zinaongezeka, namwongezea punje mezani mbele yake, jumla haibadiliki. Akisema hawezi kabisa nachukua sola kwa makubaliano, mtendaji akiwepo, na hilo linakua limeandikwa toka siku ya kwanza pamoja na kiasi ntakachomrudishia. Usiende kung'oa usiku na usiwatangaze wadaiwa kwenye magrupu ya wasap, nilimuona jamaa kafanya hivyo, kijiji kizima kikaacha kumlipa hata waliokua wazuri.

Kwa kuanzia toa 10 tu mkuu. Ni 1,500,000 inatoka, 420,000 inarudi siku ya kwanza kwa vianzio. Ukigawa nusu kwa nusu, kila wiki unategemea 45,000. Mwisho wa kila mwezi linganisha uliyotegemea na uliyopata, kwa wiki nne ni 180,000. Ukiona imekuja 135,000 usiongeze hata sola moja mpya, panda pikipiki kwanza uende ukaulize taa zinafika saa ngapi.