Mnara na mke wa baharia

"Mteja wangu hapa Lamu nilipompigia karata za taroti katokewa na ile ya Mnara, analia akidhani mumewe atazama. Nimwambieje?"

Dada, kifo usikitaje. Mwonyeshe picha yenyewe: radi inapiga, taji linang'oka kileleni, watu wawili wanaporomoka. Kinachoanguka ni kilichojengwa vibaya, na huanguka ghafla kwa sababu ufa ulifunikwa kwa chokaa. Wasemao kwamba karata hii ni "mabadiliko tu" wako sawa nusu. Mnara haupigi hodi. Muulize taratibu: "Nyumbani kuna nini kinachotikisika tayari?" Mteja wangu mmoja wa Shela alinyamaza kitambo, akazungusha bangili, kisha akataja deni ambalo mumewe hakulijua. Tukazungumza deni. Habari za bahari aulize manahodha, si karata.