Michapuko miwili ya gari kwenye duara

"Gari inazunguka duara la nusu kipenyo mita 50 huku ikiongeza kasi kwa 1.5 m/s². Ikifika 10 m/s, mchapuko wake wote ni upi?"

Ndugu wa Chake uliyeuliza swali hili, mchapuko wa kuelekea kitovu ni v²/r, yaani 100/50 = 2 m/s². Bwana wa Wete aliyekujibu kabla yangu ameupata sawasawa, ila hakupaswa kuujumlisha na 1.5 akapata 3.5, kwani michapuko hiyo imekaa pembe ya nyuzi 90, jumla yake ni √(2² + 1.5²) = 2.5 m/s², ikielekea ndani na kuegemea mbele kiasi cha nyuzi 37. Kasi ikifika 20 m/s, wa kitovu hupanda hadi 8 ilhali ule wa mbele haubadiliki, na hapo tairi huweza kuteleza hata kwenye lami kavu.