Ligeuze tikiti kabla ya kulikata

Ndugu yangu unayeanza kuvuna matikiti, lijue hili kwanza: tikiti likikatwa likiwa changa, halitaivia stoo. Ndizi utaivundika na itaiva. Tikiti hubaki na utamu uleule liliokuwa nao siku ulipotia kisu.

Mimi nilijifunza kwa hasara, kwenye shamba la Sugar Baby huku Busia. Nilikuwa nimeambiwa niangalie kikono, yaani ule uzi uliojisokota kama springi unaoota pale kikonyo cha tunda kinaposhikana na mmea. Kikono kibichi, tunda bado. Kikikauka na kuwa kahawia mpaka kwenye shina lake, tunda limekomaa. Ni kweli, lakini msimu ule mvua ilizidi, ugonjwa ukaingia na majani yakakauka. Vikono navyo vikakauka, nami nikakata matikiti kumi na moja kwa furaha. Mnunuzi alipasua moja mbele yangu. Nyama ya waridi hafifu, mbegu nyeupe. Akapanda boda akaondoka.

Nilirudi shambani nikayageuza yaliyobaki, na jibu lilikuwa chini muda wote. Pale tunda lilipolalia udongo pana doa. Likiwa changa, doa ni jeupe au la kijani hafifu. Likikomaa, linageuka manjano kama samli, na kwa Sugar Baby, ambayo ganda lake ni la kijani kizito, huwezi kukosa kuliona. Yale yangu yote yalikuwa na doa jeupe.

Kwa hiyo sasa naanza na doa. Nainua tunda taratibu upande mmoja, bila kusokota kikonyo, nachungulia. Likiwa la manjano, naenda kwenye kikono, kile cha karibu na tunda hilohilo, si cha jirani. Kikiwa kimekauka nusu, naliacha siku chache nirudi tena. Na majani ya hapo yakiwa yamekufa kwa ugonjwa, kikono sikihesabu kabisa. Doa nalo lina udhaifu wake: wapalizi wakiligeuza tunda, doa la zamani hupata jua na jipya linakuwa halijashika rangi. Waombe wayaache yalivyolala.

Ganda naliweka mwisho. Tunda changa linang'aa kama limepakwa mafuta. Likikomaa mng'ao unafifia, na ukipitisha kidole unahisi kaukavu kidogo, si utelezi. Asubuhi umande hudanganya, basi lifute kwa kitambaa kwanza.

Bado huna uhakika? Toa moja sadaka kabla ya kuvuna mstari mzima, chagua lenye dalili zote tatu, ulipasue palepale. Nyama ikiwa nyekundu na mbegu nyeusi au kahawia iliyokolea, kata yanayofanana nalo kwa kisu, ukiacha kipande cha kikonyo. Mbegu zikiwa bado nyeupe, funga kisu urudi baada ya siku nne au tano.