Laini ya megabiti 100, faili linatambaa: tazama wscale kwanza

Mwaka juzi nilikuwa natunza seva za ofisi moja hapa Dar es Salaam. Kila usiku ilituma nakala ya akiba London, gigabaiti 40, kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde. Kwa hesabu ya kichwa, kazi ya saa moja. Ikawa inachukua saa 27, yaani nakala ya leo inaanza ya jana ikiwa bado njiani.

Nikampigia mtoa huduma kwa hasira. Fundi wao akaja akapima spidi mbele yangu: megabiti 95. Nikanywea. Ila kipimo kile kilikwenda kwenye seva ya hapahapa mjini, ambako pakiti inakwenda na kurudi kwa milisekunde 3. London ni milisekunde 160, na siri yote ilikuwa humo.

TCP, itifaki iliyokuwa inabeba faili hilo, hutuma kwa mkopo. Mpokeaji anatangaza dirisha, yaani baiti anazokubali kupokea kabla hajathibitisha zilizotangulia. Mkopo ukiisha, mtumaji anakaa kusubiri. Kiwango cha TCP cha mwaka 1981 kilitenga nafasi ya biti 16 kwa dirisha, kwa hiyo namba kubwa kuliko zote ni 65,535. Kwa laini za wakati ule ilikuwa nyingi mno. Sasa gawa kwa safari yangu:

```
65535 / 0.160 = 409594 baiti kwa sekunde
```

Kilobaiti 410, ndizo hizohizo nilizokuwa naziona kwenye skrini, iwe saa nane usiku au saa nne asubuhi. Kujaza laini ile nilihitaji baiti milioni 2 ziwe njiani kwa wakati mmoja. Dalili iliyonifungua macho: nilipotuma mafaili mawili sambamba, kila moja lilikwenda kwa kilobaiti 410. Laini iliyojaa ingeyagawia spidi, isingeyapa yote mawili ileile.

Nafasi yenyewe haipanuki, maana kila mashine duniani inajua dirisha linakaa wapi kwenye kichwa cha pakiti. Mwaka 1992, RFC 1323 ikaleta ujanja: pande mbili zinakubaliana mwanzoni kwamba namba ya dirisha isogezwe biti kadhaa kushoto. Hiyo ndiyo wscale. Ukisogeza 7, unazidisha mara 128. Mwisho ni 14, dirisha la karibu gigabaiti 1. Lakini makubaliano hayo hufanyika kwenye pakiti za SYN tu, zile zinazofungua muunganisho, na lazima pande zote mbili ziyataje. Mmoja akinyamaza, wote wanabaki na 65,535.

Kwa hiyo usikimbilie kuongeza bafa za kerneli kama nilivyofanya mimi, jioni nzima bure. Washa tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, pande zote mbili, kisha ndipo uanzishe muunganisho:

```
tcpdump -ni eth0 'tcp[tcpflags] & tcp-syn != 0'
```

SYN ilitoka kwangu hivi (namba za saa nimezifupisha):

```
[mss 1460,sackOK,TS val 81 ecr 0,nop,wscale 7]
```

Ikafika London hivi:

```
[mss 1460,sackOK,TS val 81 ecr 0,nop,nop,nop,nop]
```

Hizo nop ni vijazio. Faiawoli ya zamani ya ofisi ilikuwa inafuta wscale na kuziba pengo. Hakuna kosa lililoandikwa popote, hakuna muunganisho uliokatika. London haikuona ofa, nayo ikakaa kimya.

Na hapo nilikuwa na bahati. Kuna faiawoli zinazoacha wscale mahali pake lakini zinaibadilisha kuwa 0. Hapo pande mbili hazielewani: mpokeaji mwenye nafasi ya baiti 65,536 anaandika 512 akijua mwenzake atazidisha mara 128, mwenzake anasoma 512 kavukavu. Faili linakaribia kusimama kabisa, na utahangaika kweli.

Tuliruhusu wscale kwenye faiawoli, nakala ikaanza kuisha kwa saa moja na dakika chache. Wakati uko humo, hakikisha `sackOK` nayo inapita. Dirisha likiwa kubwa, baiti nyingi ziko njiani, na pakiti moja ikipotea mpokeaji anahitaji kusema ni ipi hasa iliyopungua. Bila hiyo, laini ndefu yenye upotevu kidogo tu itakurudisha kule ulikotoka.

Ukiikuta kazi imeshaanza, tcpdump itakuonyesha `win 501` na utashtuka bure. Haikuona SYN, haijui izidishe kwa ngapi. 501 mara 128 ni 64,128. Uliza kerneli yenyewe:

```
ss -ti
```

Ukiona `wscale:7,7`, makubaliano yalifanyika. Usipoliona neno hilo kabisa, anza na faiawoli.