Ukiandika 10.8 ± 0.15, sema hiyo 0.15 ni nini

Wewe unayeandika tasnifu yako ya kwanza ya utafiti wa afya, itazame upya sehemu yako ya mbinu. Kama umeandika "matokeo yametolewa kwa wastani ± kosa" ukaishia hapo, msomaji hawezi kujua unazungumzia watu uliowapima au uhakika wa wastani wako.

Tuseme umepima hemoglobini ya wajawazito 100. Wastani ni 10.8 g/dL na mkengeuko sanifu ni 1.5. Mkengeuko huu unawahusu wanawake wenyewe, yaani jinsi wanavyotofautiana wao kwa wao. Ikiwa vipimo vimetawanyika kwa umbo la kengele, takriban theluthi mbili yao wako kati ya 9.3 na 12.3.

Sasa gawa 1.5 kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani 10. Unapata 0.15, na hilo ndilo kosa sanifu la wastani. Linaonyesha wastani ungeyumba kiasi gani kama ungechukua sampuli nyingine kama hiyo. Ukipima wajawazito 400, kosa hili litashuka hadi karibu 0.075, lakini mkengeuko utabaki karibu na 1.5, kwa sababu wingi wa sampuli haubadilishi damu ya mtu.

Wengi huchagua kosa sanifu kwa kuwa ni dogo na grafu inapendeza. Madhara yake ni makubwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 11 g/dL. Kwa mkengeuko wa 1.5, wanawake kama 55 kati ya 100 wako chini ya hapo. Msomaji akidhani 0.15 ndiyo mkengeuko, atahesabu 91, na pia ataamini kwamba hakuna hata mmoja aliye chini ya 10.

Katika Stata, amri hizi mbili hutoa vitu viwili tofauti:

```
summarize hb
mean hb
```

Ya kwanza hutoa mkengeuko sanifu, ya pili kosa sanifu. Angalia kichwa cha safu kabla ya kunakili namba.

Mimi ningeandika hivi: "Sifa za washiriki zimeelezwa kwa wastani na mkengeuko sanifu. Makadirio ya wastani yametolewa pamoja na kipindi cha uaminifu cha asilimia 95." Kwa mfano wetu, kipindi hicho ni 10.5 hadi 11.1.

Ila kugawa kwa kipeuo cha idadi kunadai kila mshiriki ajitegemee. Kama wanawake wako wametoka kliniki tano, wa kliniki moja huelekea kufanana, na 0.15 itakuwa ndogo kuliko inavyostahili. Itaje idadi ya kliniki, na ueleze kwamba kosa sanifu limekokotolewa kwa kuzingatia makundi hayo.