Asilimia 70 ambayo mteja hakuisema

SWALI: Sisi ni kikundi cha mafundi tunaotengeneza majiko ya mkaa yenye udongo ndani, hapa Arua, Uganda. Mteja wetu mmoja, mama anayeuza chakula sokoni, alitutumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp akisema: "Mimi jiko lenu sikuliamini. Siku ya kwanza lilichelewa kushika, nikaudhika. Lakini gunia nililokuwa namaliza kwa wiki mbili na nusu, sasa linakaribia wiki nne. Ila mkono wake unashika moto sana, hapo mpatengeneze." Kijana anayetutengenezea mabango ameyaandika upya hivi: "Jiko hili limebadilisha maisha yangu! Linawaka papo hapo na linaokoa asilimia 70 ya mkaa!" Anasema hiyo ndiyo lugha ya biashara. Tunaruhusiwa kunyoosha maneno ya mteja kwa kiasi gani?

JIBU: Ndugu yangu, mama huyo amewapa ushahidi mzuri kuliko tangazo lolote ambalo kijana wenu angeweza kulitunga, naye kijana ameuchukua ushahidi huo akautupa, akabaki na sifa. Ninaletewa kazi za namna hii kila mara, na kosa huwa ni lilelile: watu hudhani kwamba kazi ya ushuhuda ni kusifu. Mnunuzi hahitaji kusifiwa bidhaa, kwa sababu anajua kwamba kila mwenye duka husifu chake. Anachotafuta katika maneno ya mteja mwingine ni kujua kama mtu huyo alikuwa na hali kama yake na mashaka kama yake, kisha yakampata nini.

Tazameni maneno ya asili yanavyofanya kazi. Mama anaanza kwa kusema kwamba hakuliamini jiko, na hapo hapo kila msomaji aliyewahi kuuziwa jiko la bati lililotoboka anajiona yeye mwenyewe. Kisha anasema kwamba lilichelewa kushika. Nyinyi mafundi mnajua sababu yake: udongo wa ndani hunyonya joto kwanza kabla ya kuanza kulirudisha kwenye sufuria, na kwa hiyo jiko lenye udongo huchelewa kupata moto kuliko la bati tupu. Mtu anayepika kwa mkaa kila siku anaweza kulitambua hilo bila kufundishwa na mtu. Ukimwandikia kwamba jiko "linawaka papo hapo", atalinunua, ataliwasha asubuhi moja, na kabla chai haijachemka atakuwa ameshajua kwamba bango lilimdanganya. Baada ya hapo hataamini hata lile jambo la kweli mlilomwambia, yaani kwamba mkaa wake utakaa muda mrefu zaidi. Neno moja la kujipamba limeua dai lenu lenye nguvu kuliko yote.

Sasa tuje kwenye hiyo asilimia 70, kwa sababu nadhani ninajua ilikotoka. Kutoka wiki mbili na nusu hadi wiki nne ni nyongeza ya wiki moja na nusu, na wiki moja na nusu ni asilimia 60 ya wiki mbili na nusu. Kijana ameipata 60, ameona 70 inapendeza zaidi kwenye bango, akapandisha. Lakini hata hiyo 60 si akiba ya mkaa. Ni urefu wa muda ambao gunia limeongeza. Akiba huhesabiwa kwa njia nyingine. Kwa jiko la zamani, wiki nne zingemlia mama huyo gunia moja na sehemu 6 za kumi. Kwa jiko lenu zinamlia gunia moja. Kilichookolewa ni sehemu 6 kati ya 16, ambayo ni asilimia 37 na nusu, na kwa kuwa yeye mwenyewe alisema "linakaribia" wiki nne, hesabu ya haki ni kama theluthi moja. Ili jiko liokoe asilimia 70 kweli, gunia lake lingepaswa kukaa zaidi ya wiki nane, na mama hakusema lolote linalokaribia hapo. Kosa hili la kuchanganya urefu wa muda na kiasi cha akiba ninalikuta mara nyingi mno, na wakati mwingine aliyelifanya hakukusudia uongo, ila hakuna aliyeketi na kalamu akakagua.

Zaidi ya hayo, asilimia haipaswi kabisa kutoka kinywani mwa mteja. Yeye alipima kwa gunia lake, na magunia hayalingani. Mkaa ulionyeshewa hauwaki kama mkavu, na anayechemsha maharage kutwa hatumii moto kama anayekaanga chapati. Ushuhuda wake ni habari ya jiko moja katika jikoni moja, na ukiachwa katika kipimo chake mwenyewe, yaani gunia na wiki, unaaminika kabisa. Mkitaka kutangaza asilimia, lipelekeni jiko likapimwe. Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha utafiti wa nishati kinachopima majiko, na matokeo ya kipimo yataandikwa kwenye bango kama matokeo ya kipimo, kando ya maneno ya mama, bila kumtwisha yeye namba ambayo hakuitamka.

Mliuliza kiasi gani kinaruhusiwa. Mnaweza kukata maneno ya kujirudia, salamu, na habari zisizohusu jiko. Mnaweza kusahihisha tahajia. Pale mlipokata katikati ya maneno, wekeni nukta tatu ili msomaji ajue kwamba kuna kilichoondolewa. Hamruhusiwi kuongeza neno, kuunganisha maneno ya wateja wawili kuwa ya mmoja, wala kukata neno linalobeba sharti. Neno "linakaribia" ni dogo, lakini ukiliondoa umebadilisha ushahidi. Mtihani wangu ni mmoja: msomeeni mama maneno yaliyohaririwa, mbele ya watu wanaomfahamu sokoni, na muone kama atasema "ndiyo, nilisema hivyo" bila kucheka. Kwa bango dogo, ningetumia haya tu: "Siku ya kwanza lilichelewa kushika, nikaudhika. Lakini gunia nililokuwa namaliza kwa wiki mbili na nusu, sasa linakaribia wiki nne." Hakuna alama ya mshangao, na haihitajiki.

Wateja wenu wengine bila shaka watawatumia maneno kwa Kilugbara, na katika tafsiri ndipo upambaji hujificha vizuri zaidi, kwa kuwa hakuna anayekagua. Mtu wa pili, ambaye hakusikia sauti ya asili, apewe tafsiri airudishe kwa Kilugbara, kisha mlinganishe. Mkiona "si mbaya" imekuwa "bora sana", mmemkamata mkosaji.

Kuhusu malalamiko ya mkono unaoshika moto, najua kijana atataka yafutwe. Kwenye bango dogo hayana nafasi, na kuyaacha nje ya bango si uongo, mradi hamwandiki mahali popote kwamba mkono haupati moto. Lakini pale mnapoweka maoni kamili ya wateja, yaacheni yalivyo, na chini yake muandike jibu lenu pamoja na tarehe: kwamba mmeanza kufunga mbao kwenye mkono, na kwamba aliyenunua jiko la awali alirudishe afungiwe. Fanyeni kwanza, ndipo muandike. Lalamiko lenye jibu la namna hiyo linamweleza mnunuzi jambo ambalo sifa haiwezi kumweleza, kwamba jiko likipata shida atampata fundi.

Mkitaka shuhuda nyingine za namna hii, acheni kuwauliza wateja "Je, mmelipenda jiko?" Swali hilo huzaa adabu tu, na watu wetu wana adabu nyingi. Ulizeni walikuwa wakipikia nini kabla, nini kiliwafanya wasite kununua, mkaa ulikuwa ukikaa muda gani na sasa unakaa muda gani, na ni jambo gani ambalo bado haliwapendezi. Swali la mwisho ndilo linalofungua mdomo, kwa sababu mtu akisharuhusiwa kulalamika, hata sifa yake inayofuata huwa na uzito. Hifadhini sauti ya asili pamoja na tarehe yake, na mpate idhini ya mteja, ikiwezekana kwa maandishi, kabla ya kutumia jina, picha au sauti yake; Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahusu hata kikundi kidogo kama chenu, na mteja aliyekubali kuwatumia ujumbe hajakubali kubandikwa ukutani.

Jambo hili haliishii kwenye majiko. Kuna watu wanaojiita wataalamu wa chapa wanaouza shuhuda kwa mafungu: unalipa, unapewa maoni ya nyota tano pamoja na picha za nyuso zinazotabasamu ambazo hakuna anayezijua mjini. "Limebadilisha maisha yangu" hiyohiyo utaikuta kwenye sabuni, kwenye shule ya bweni na kwenye dawa ya kuotesha nywele. Wengine huwagawia wateja muda wa maongezi ili wasifu, na hawaelezi kwamba sera za Google zinakataza kutoa zawadi ili upate maoni, na kwamba maoni ya namna hiyo yanaweza kuondolewa. Wala hawajui, au hawasemi, kwamba nyota tano tupu hazileti mauzo wanayoyaahidi. Watafiti wa Kituo cha Spiegel cha Chuo Kikuu cha Northwestern, katika ripoti yao ya mwaka 2017, walikuta kwamba uwezekano wa mtu kununua hufikia kilele pale wastani wa nyota unapokuwa kati ya 4.0 na 4.7, kisha hupungua unapokaribia 5. Utafiti huo ulihusu maduka ya mtandaoni ya huko Marekani, si soko la Arua, lakini sijaona sababu ya kudhani kwamba mnunuzi wetu, anayegonga sufuria kwa kidole kabla ya kulipa, ni mwepesi zaidi wa kuamini.

Kwa hiyo yeyote anayewaletea ushuhuda ulioandikwa tayari, mwombeni sauti au ujumbe wa asili, na mwombeni awaunganishe na huyo aliyesema. Huyo kijana wenu ana sauti ya asili mkononi, kwa hiyo yeye anaweza kurekebishwa. Asiyeweza kuwaonyesha chochote kufikia siku ya malipo, msimlipe, na kama mabango ya asilimia 70 yameshachapishwa, yabakizeni stoo na mgharamie mengine.