Wadogo zangu, mpishi hapunguzi mshahara kwa sababu wateja wamepungua

Jumamosi iliyopita nilisahihisha karatasi kumi na moja za marudio za wenzenu wanaojiandaa kwa mtihani wa biashara ya chakula. Saba kati yazo zilikuwa na jibu moja: breki-iveni, yaani mauzo ambayo hayaleti faida wala hasara, ni 600,000. Saba! Nililitambua kabla sijaifuata hesabu yenyewe, kwa sababu niliwahi kuliandika kwa mkono wangu, na si kwenye mtihani tu. Nawapenda, ndiyo maana leo nawagombeza.

1. Ukiona mishahara, uliza kwanza ni ya nani.

Swali lenyewe mnalijua. Mkahawa mdogo unauza 900,000 kwa mwezi. Chakula kinachukua asilimia 35 ya mauzo, gesi na vifungashio asilimia 5. Wafanyakazi wote wanagharimu 270,000: wa kudumu 180,000, na vibarua 90,000, ambao huitwa kulingana na wingi wa kazi. Kodi ya nyumba ni 120,000 na gharama nyingine za kudumu 60,000.

Asilimia ya gharama ya wafanyakazi ni 270,000 kugawanya kwa 900,000, yaani 30. Hapo nyote mlipata, hongereni. Kisha mkaichukua ile 30 mkaitia pamoja na 35 na 5, mkabaki na mchango, yaani sehemu ya mauzo inayobaki ya kulipia gharama za kudumu, wa asilimia 30, mkagawanya 180,000 za kodi na gharama nyingine kwa 0.30. Ndiyo hiyo 600,000.

Lakini mpishi, kashia na maweita wa kudumu wanalipwa zile zile 180,000 hata mvua ikinyesha wiki nzima na meza zikikaa tupu. Kinachopanda na kushuka na mauzo ni vibarua peke yao, asilimia 10. Kwa hiyo:

```
Mchango = 100 - 35 - 5 - 10 = 50%
Gharama za kudumu = 180,000 + 120,000 + 60,000 = 360,000
Breki-iveni = 360,000 / 0.50 = 720,000
```

Mmoja wenu aliweka 180,000 ya wa kudumu juu, na bado akaacha asilimia 30 nzima ya wafanyakazi kwenye hesabu ya mchango chini. Akapata 1,200,000. Huyo amewalipa wafanyakazi wa kudumu mara mbili. Ningependa kufanya kazi kwake.

Kukagua hakuchukui hata dakika mbili. Rudisha jibu lako kwenye mkahawa uone kama faida inakuwa sufuri. Kwa mauzo ya 600,000: chakula 210,000, gesi na vifungashio 30,000, vibarua 60,000, wa kudumu 180,000, kodi na mengineyo 180,000. Jumla 660,000. Pungufu 60,000. Basi hiyo si breki-iveni, hiyo ni hasara.

2. Asilimia ikipanda, usimkimbilie mwosha vyombo.

Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu linaniuma mpaka leo.

Nilipokuwa bado nasoma, nilishika kaunta kwenye mkahawa mmoja mdogo huku Ngara, Nairobi. Takwimu zake zilikaribiana sana na za swali letu, na hapa nazitumia hizo hizo ili mfuate kwa urahisi. Mama mwenye mkahawa hakuwa mtu wa makaratasi. Jioni moja mwezi wa Desemba, tukifunga hesabu, aliniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma mambo haya, tukiuza ngapi kwa mwezi tutalala usingizi?" Nikatoa kalamu, nikapiga hesabu nyuma ya kitabu cha risiti, nikamwambia 600,000. Niliona fahari. Aliizungushia ile tarakimu duara kwa kalamu nyekundu.

Januari mnaijua. Karo za shule, ofisi zinachelewa kufungua, mtu aliyekuwa akila ugali kwa matumbo anaagiza chapati moja na madondo. Tuliuza 610,000. Nikamwambia Mama asihofu, tumevuka mstari. Akaagiza mchele na mafuta ya mwezi unaofuata kwa pesa taslimu, akiniamini. Ilipofika siku ya mshahara, hazikutosha. Nilihesabu droo mara tatu. Wa kudumu walilipwa nusu, na nusu nyingine wakaisubiri wiki mbili. Mpishi alikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza. Hakunisema, na hilo lilikuwa zito kuliko kusemwa.

Badala ya kurudi kwenye hesabu yangu, nilitafuta mkosaji. Gharama ya wafanyakazi ilikuwa 180,000 za kudumu na 61,000 za vibarua, jumla 241,000. Gawanya kwa 610,000 upate asilimia 39.5. Mwezi wa kawaida ni 30! Nikamwambia Mama kwamba vibarua wamezidi. Kijana aliyekuwa akiosha vyombo akaambiwa asije tena. Wiki hiyo hiyo, saa saba mchana, sahani zikaisha. Wateja wamekaa, chakula kiko tayari kwenye sufuria, na weita amekunja mikono ya shati anaosha vyombo.

Angalieni nilichokosa kuona. Vibarua walikuwa 61,000 kwa mauzo ya 610,000, asilimia 10 ile ile. Hawakuzidi hata kidogo. Ni zile 180,000 zilizogawanywa kwa mauzo madogo. Hata kwenye breki-iveni kamili, mauzo ya 720,000, wafanyakazi ni 252,000, yaani asilimia 35. Mkahawa huu ukiwa na asilimia 35 hauna hasara wala faida, na ukiwa na 30 unapata faida ya 90,000, bila kumwongeza wala kumpunguza mtu wa kudumu hata mmoja. Mtahini akiuliza "kwa nini asilimia imepanda", angalia mstari wa mauzo kabla ya kuandika habari za uzembe.

Yule kijana tulimrudisha baada ya siku tisa. Nilikwenda kumwita mwenyewe.

3. Mtahini asipokugawia, gawa mwenyewe.

Mara nyingine hataji wa kudumu wala vibarua. Atakupa miezi miwili tu: mauzo 900,000, wafanyakazi 270,000, mauzo 700,000, wafanyakazi 250,000. Mauzo yametofautiana kwa 200,000, gharama kwa 20,000. Sehemu inayobadilika ni asilimia 10. Toa 90,000 kwenye 270,000, zinabaki 180,000 za kudumu. Akikupa mwezi mmoja tu na kusema "gharama ya wafanyakazi ni asilimia 30 ya mauzo", ichukue kama inayobadilika yote, lakini andika wazi kwamba hivyo ndivyo ulivyoichukulia. Jueni pia kwamba kazini mstari huu haunyooki hivyo: huwezi kumwita kibarua nusu, na mauzo yakikua sana utahitaji mpishi wa pili, hapo za kudumu zinaruka na breki-iveni inaruka nazo.

4. Mengine ni mafupi. Mauzo yakitajwa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, gawanya kwa 1.18, usitoe asilimia 18: 1,062,000 inarudi kuwa 900,000. Chakula cha wafanyakazi kitoe kwenye gharama ya chakula, kiingize kwenye ya wafanyakazi. Na ukiulizwa idadi ya wateja, usikate chini. Mteja mmoja akitumia wastani wa shilingi 400, 720,000 ni wateja 1,800 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni 69.2 kila siku. Jibu ni 70, kwa sababu wakija 69 kila siku, mauzo yatapungua kwa 2,400, na kwa mchango wa asilimia 50 mwezi utaisha Mama akiwa pungufu ya shilingi 1,200.